Mjomba amevuta pakiti ngapi? Hesabu inayoamua nani apimwe mapafu

“AAH, fegi kumi kwa siku. Si nyingi.”

Hivyo ndivyo alivyonijibu mjomba wangu Jumapili moja nikiwa kwake, nilipomuuliza amevuta sigara kiasi gani maishani. Ana umri wa miaka 56. Aliendesha matatu jijini Nairobi kwa zaidi ya miaka 20 na akaacha kuvuta mwaka wa 2022. Majuzi dereva mwenzake wa zamani aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, tena ikiwa imeshaenea, na tangu siku hiyo mjomba hajatulia. Alienda kwa daktari akataka apimwe. Daktari hakukataa, ila alimpa kazi ya nyumbani: arudi na hesabu ya “miaka-pakiti” yake.

Mjomba akaniita mimi. “Wewe ndiye ulisoma hesabu. Hebu fanya.”

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua idadi ya sigara anazovuta mtu kwa siku, ugawe kwa 20, kisha uzidishe kwa idadi ya miaka aliyovuta. Anayevuta sigara 20 kila siku kwa mwaka mzima amefikisha mwaka-pakiti mmoja. Anayevuta 10 kwa siku atahitaji miaka miwili kufika hapo. Hiyo 20 haibadiliki hata kama wewe hununua pakiti ya sigara kumi, au hununui pakiti kabisa. Kinachohesabiwa ni sigara zenyewe.

Kwa hivyo, nikamwambia, kama ulianza ukiwa na miaka 18 ukaacha ukiwa na 53, hiyo ni miaka 35. Kumi gawa kwa 20 ni nusu. Nusu mara 35 ni 17.5.

“Sasa hiyo ni nzuri ama ni mbaya?”

Swali zuri. Kipimo kinachozungumziwa hapa ni picha ya CT ya kifua inayopigwa kwa mionzi kidogo, na lengo lake ni kunasa saratani mapema kabla mtu hajahisi lolote. Eksirei ya kawaida haitoshi kwa kazi hiyo. Mwongozo unaotajwa sana ni wa jopo la wataalamu wa Marekani liitwalo USPSTF. Tangu 2021 jopo hilo linashauri kipimo hiki kifanywe kila mwaka kwa watu wa miaka 50 hadi 80 waliofikisha angalau miaka-pakiti 20, na ambao bado wanavuta au waliacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Kabla ya hapo, kuanzia 2013, masharti yalikuwa makali zaidi: miaka 55 kwenda juu na miaka-pakiti 30. Hiyo si sheria ya Kenya, lakini ndiyo aina ya kigezo ambacho daktari atakitazama akiamua kama kukutuma kwa CT kuna maana.

Basi kwa 17.5, mjomba hajafika. Umri anao, na ameacha miaka mitatu tu iliyopita. Kinachomwangusha ni hiyo namba.

Lakini mimi sikuiamini ile “kumi kwa siku”. Dereva wa matatu hanunui pakiti akaihesabu. Ananunua moja hapa kwa kioski, mbili pale steji, nyingine anapewa na makanga. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja, lakini sote tunajua zinavyouzwa. Anayenunua hivyo hukumbuka ile moja aliyonunua sasa hivi, si zile zote za siku. Tena hakuna anayevuta idadi ileile kwa miaka 35. Mtu huanza kidogo, huongeza, huacha, hurudi.

Dawa yake ni kukata maisha vipande vipande, kila kipande na hesabu yake, halafu kujumlisha. Na kwa kuwa hakuna anayekumbuka “nilikuwa na miaka 24”, nilimuuliza kwa matukio.

Alianza lini? “Mwaka ule wa mashindano ya Afrika pale Kasarani.” Hiyo ni 1987. Alikuwa makanga, hana pesa, anavuta kama nne kwa siku. Iliendelea hivyo hadi alipopewa gari aendeshe, muda mfupi baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Tuandike 1993. Nne gawa kwa 20 ni 0.2, mara miaka sita ni 1.2.

Kisha ikaja miaka ya usukani, 1993 hadi 2013. Hapa alikubali kwamba kumi ni uongo. “Weka 15.” Kumi na tano gawa kwa 20 ni 0.75, mara miaka 20 ni 15.

Mwaka wa 2013 alipata kifua kikuu. Akatibiwa, akapona, akaacha sigara. Kipande hiki ni sifuri. Kuna wanaosahau kutoa miaka kama hii, na wengine hudhani ukiacha hesabu inaanza upya. Haianzi upya. Kilichokwisha kuandikwa kinabaki.

Alirudia “mwaka Papa Fransisko alipokuja Nairobi”, 2015, lakini safari hii kwa kumi za siku, hadi 2022. Nusu mara miaka saba ni 3.5.

Jumla: 1.2, kuongeza 15, kuongeza 3.5. Tukapata 19.7.

Tulitazamana. Mke wa mjomba, aliyekuwa akimenya viazi kimya muda huo wote, akacheka. “Kumi na tano? Na zile Ijumaa na Jumamosi za kulala kwa gari? Si ulikuwa unarudi nyumbani ukinuka kama jiko?”

Mjomba akakuna kichwa. Ni kweli, siku mbili za wikendi alikuwa akipiga kazi usiku kucha, na sigara zilifika 25. Kwa hivyo wiki moja ya miaka ile ilikuwa siku tano za sigara 15, ambazo ni 75, na siku mbili za 25, ambazo ni 50. Jumla 125 kwa wiki. Gawa kwa siku saba, unapata karibu 18 kwa siku. Kipande cha usukani kikapanda kutoka 15 hadi 17.9, na jumla yote ikawa 22.6.

Mtu ni yuleyule na mapafu ni yaleyale, lakini kwa Jumapili moja tumepata 17.5, 19.7 na 22.6. Mbili za kwanza zinamfungia mlango, ya tatu inamfungulia. Sisemi usukume namba hadi ikupendeze. Nasema ile ya kwanza inayomtoka mtu mdomoni ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi, na mwenye kumbukumbu sahihi mara nyingi ni yule aliyekuwa akifua nguo zake.

Namba hii ina udhaifu mwingine ambao hesabu haiuonyeshi. Aliyevuta 40 kwa siku kwa miaka 10 na aliyevuta 10 kwa siku kwa miaka 40 wote wana miaka-pakiti 20. Hatari yao hailingani. Richard Doll na Richard Peto, waliochambua takwimu za madaktari wa Uingereza waliokuwa wakivuta, walionyesha mwaka 1978 kwamba kwa saratani ya mapafu, urefu wa miaka una uzito kuliko wingi wa kila siku. Yule wa sigara chache kwa miaka 40 yuko pabaya zaidi, ingawa yeye ndiye hujiita mvutaji mdogo.

Sasa wewe unayesoma haya ukiwa na miaka 24, labda umeshapiga hesabu yako. Sigara sita kwa siku tangu ukiwa na 19 ni miaka-pakiti 1.5. Usishangilie bado. Ile 20 haikuchaguliwa kwa kuwa chini yake ni salama. Ilichaguliwa kama mahali ambapo faida ya kupima inazidi madhara ya kupima. Moyo hausubiri 20. Utafiti uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku ana karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo aliyonayo anayevuta 20. Na kama wako ni shisha au veipu, hesabu hii haikuhusu kabisa. Ilitengenezwa kwa sigara.

Madhara ya kupima ni yapi? Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao NLST, uliotoa matokeo mwaka 2011, CT ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 ikilinganishwa na eksirei. Hiyo si kidogo. Lakini kati ya kila picha 100 za CT, takriban 24 zilionyesha kitu cha kutiliwa shaka, na kati ya hizo 24, karibu 23 hazikuwa saratani. Hao 23 hurudi kupigwa picha nyingine, wengine huchomwa sindano kwenye mapafu, na wote hukosa usingizi kwa muda.

Kwa mjomba hilo lina uzito wa pekee. Kifua kikuu huacha makovu na vivimbe vidogo kwenye mapafu, na katika picha ya CT kovu la zamani linaweza kufanana na kitu kipya. Kenya ina watu wengi waliowahi kuugua kifua kikuu, kwa hivyo kigezo kilichotungwa Marekani hakiwezi kuletwa hapa kama kilivyo bila kuuliza swali hilo.

Jambo jingine ambalo daktari alilirudia mara mbili: haya yote ni kwa mtu asiye na dalili. Anayekohoa damu, anayekonda bila sababu au mwenye kikohozi kisichokoma hahitaji kufikisha 20 wala miaka 50. Huyo anafaa kuchunguzwa sasa, hata kama hajawahi kushika sigara. Na akipewa dawa za kifua kikuu bila vipimo vya makohozi kuthibitisha, kisha asipate nafuu, aulize ni nini kingine kinaweza kuwa kifuani.

Mjomba alirudi kliniki na karatasi yetu: vipande vinne, miaka, sigara kwa siku, na 22.6 chini kabisa. Daktari aliisoma, akauliza kuhusu zile wikendi, akaridhika. Kisha akamuuliza maswali mawili. La kwanza, tukikuta kitu kidogo kinachoweza kutolewa, uko tayari kwa upasuaji? Kwa sababu kama jibu ni la, kupima hakuna maana. Mjomba alisema yuko tayari. La pili, ile eksirei ya 2013 ulipougua iko wapi? Anataka kulinganisha, ajue kovu lipi ni la zamani.

Jana usiku nilipompigia simu alikuwa amepiga magoti chini ya kitanda, akitafuta ile bahasha kubwa ya kahawia.