Gari la Kukodi: Kutoka Kahawa Sukari Hadi Arusha (Sehemu ya Pili)

Tuseme watalii wawili wamekodi gari Kahawa Sukari, kando ya barabara kuu ya Thika, kwa siku nne. Mkataba unawapa kilomita 200 kwa siku, na kila kilomita inayozidi ni shilingi 30. Wanakwenda Arusha, kama kilomita 290, kisha Karatu na kurudi, kama 280, wapumzike siku moja, halafu warejee. Jumla ni kilomita 860.

Je, watadaiwa ngapi? Kilomita zikijumlishwa kwa safari nzima, wanaruhusiwa 800, hivyo deni ni shilingi 1,800. Zikihesabiwa siku kwa siku, ile siku ya mapumziko haiwasaidii kitu: ziada ni 90, 80 na 90, yaani shilingi 7,800. Tofauti yote imo katika neno moja la mkataba, na mteja aliulize kabla ya kutia saini.

Mafuta hayana mzozo mkubwa. Gari hurudi na kiasi kilekile lilichotoka nacho. Picha ya geji na ya mita ya kilomita, ikipigwa mbele ya mwenye gari, hukata ubishi.

Bima ndiyo inayowaumiza wengi. Hata bima kubwa huwa na sehemu ya hasara ambayo mkodi hubeba mwenyewe. Ikiwa ni shilingi 60,000, bampa ya kutengenezwa kwa 45,000 italipwa yote na mtalii. Ajali ya 200,000 itamgharimu 60,000, na iliyobaki ni ya kampuni ya bima. Tairi, vioo na uvungu wa gari mara nyingi huachwa nje kabisa, na barabara za mbugani huvila hivyohivyo.

Sasa Namanga. Kadi ya Njano ya COMESA hutumika Tanzania, ingawa nchi hiyo ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Lakini kadi hiyo hulinda watu wengine: aliyegongwa, au gari la mwenzako. Gari ulilokodi halimo. Bima yake ya Kenya nayo yaweza kuishia mpakani, isipokuwa kampuni ya bima imekubali kwa maandishi kuivusha. Mtalii aliyeonyeshwa kadi hiyo tu, akadhani amekingwa kote, anaweza kudaiwa bei ya gari zima likipinduka njiani Longido.

Kwa hiyo, mbali na kadi, mwenye gari anapaswa kumpa mteja barua ya ruhusa inayotaja namba ya gari, jina la dereva na tarehe za safari, nakala ya cheti cha umiliki, na barua ya bima inayoitaja Tanzania. Barua hizo huchukua muda kutolewa. Anayekusudia kuvuka aziombe siku anapoweka nafasi ya gari, asingoje asubuhi ya kuondoka.