Fahamu: Karatasi ya kuruhusiwa ya mtoto njiti

Mama anayetoka Hospitali ya Mkomaindo, Masasi, na mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, anahitaji muhtasari wa matibabu ambao mhudumu wa zahanati ya Newala ataweza kuutumia bila kumfahamu mtoto.

Tuchukue mfano wa mtoto aliyezaliwa na gramu 1,500, akapungua, akarudia uzito huo siku ya 12, na kuruhusiwa siku ya 24 akiwa na gramu 1,800: ameongeza gramu 25 kwa siku, takriban gramu 15 kwa kila kilo, kiasi kinachoridhisha. Uzito mmoja tu ulioandikwa, bila tarehe, usingeonyesha hayo. Muhtasari hutaja pia kama ananyonya mwenyewe au bado anapewa kwa kikombe maziwa yaliyokamuliwa, kwa kuwa njiti huchoka kabla ya kushiba.

Kuhusu umanjano, unaotokana na bilirubini, rangi ambayo ini changa huchelewa kuiondoa, huandikwa kipimo cha mwisho na siku tiba ya mwanga iliposimamishwa, maana bilirubini huweza kupanda tena. Umanjano ukizidi wiki tatu, au kinyesi kikiwa cheupe, jua la asubuhi si tiba. Mtoto hurudishwa hospitali, hata kabla ya tarehe yake ya kupimwa uzito, ambao hufuatiliwa kila wiki hadi afikie gramu 2,500.