Jibu Lisilo Sahihi Linapomwambia Mwalimu Kitu

Swali la kuchagua jibu huwa dhaifu pale majibu matatu ya uongo yanapotungwa ilimradi nafasi zijae. Mwanafunzi asiyejua lolote huyaondoa hayo na kubaki na lile sahihi, na mwalimu hudhani somo limeeleweka. Chukua swali hili la soko:

Mvua kubwa imeharibu mashamba ya nyanya Ilula, Iringa. Wanunuzi ni walewale na kipato chao hakijabadilika. Wiki hiyohiyo sokoni:

A. Mahitaji yatapungua, hivyo bei itarudi ilipokuwa.
B. Ugavi utaongezeka, kwa kuwa bei nzuri huwavutia wakulima.
C. Bei itapanda na kiasi kitakachouzwa kitapungua.
D. Mahitaji yataongezeka, kwa kuwa nyanya zimeadimika.

Jibu ni C, lakini kazi kubwa iko kwenye A. Anayeichagua ameona jambo la kweli, kwamba bei ikipanda watu hununua kidogo, ila analiita kupungua kwa mahitaji. Mahitaji ni mpango mzima wa mnunuzi: kwa bei hii atachukua kiasi gani, na kwa bei ile kiasi gani. Mvua haikuugusa mpango huo. Mama aliyekuwa akinunua sado sasa ananunua fungu, na bei ikishuka atarudi kwenye sado yake. Kwenye mchoro, amesogea juu ya mstari uleule. Mstari wenyewe haujahama. Kilichohama ni mstari wa ugavi.

B ina kosa hilohilo upande wa mkulima, ndiyo maana nimeandika "wiki hiyohiyo". Bila maneno hayo mwanafunzi mwerevu angejitetea kwamba wakulima watapanda zaidi msimu ujao, na angekuwa na hoja. D inamnasa anayedhani uadimu wenyewe huongeza hamu ya kununua.

Ningeweza kuweka pia "Kiasi hakitabadilika, kwa kuwa nyanya ni lazima". Inavutia, lakini niliitupa: ipo bidhaa ambayo watu huendelea kuinunua kwa kiasi kilekile hata ikipanda bei, kama dawa ya mgonjwa wa kisukari. Jibu la uongo linaloweza kutetewa humwonea anayefikiri.

Makosa ya namna hii hayatungwi mezani. Uliza kwanza swali lenyewe bila machaguo, darasa liandike kwa maneno yake, kisha uchukue makosa yanayojirudia. Angalia pia urefu: jibu sahihi likiwa refu kuliko mengine, wanafunzi hulinusa.

Baada ya mtihani, hesabu kila herufi. Ambayo haikuchaguliwa na yeyote ibadilishwe. Ikiwa wenye alama za juu ndio waliokimbilia B, lisome swali upya kabla ya kuwalaumu. Wengi wakienda A, kipindi kinachofuata kichorwe michoro miwili ubaoni, mmoja wa nyanya zilizoharibika, mwingine wa mishahara iliyocheleweshwa, na waulizwe ni mstari upi umehama katika kila mmoja.