Ukipewa Kanda ya Ziwa Peke Yako

Tuseme kiwanda cha pampu za maji huko India kinampa mfanyabiashara wa Mwanza haki ya kusambaza bidhaa zake. Mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, naye anataka kuusoma kwa Kiswahili kabla ya kutia saini.

Mfasiri anakwama mapema, kwenye "msambazaji pekee". Huenda maana yake ni kwamba hatateuliwa msambazaji mwingine, ingawa kiwanda chenyewe kinaweza kumuuzia mteja wa Bukoba moja kwa moja. Huenda pia hata kiwanda kimefungwa mikono. "Pekee" hubeba maana zote mbili, kwa hiyo ni salama kuandika sentensi nzima: "Kiwanda hakitamuuzia mtu mwingine ndani ya eneo, wala hakitateua msambazaji mwingine." Eneo nalo likitajwa "Kanda ya Ziwa" tu, mfasiri asijipe kazi ya kuchora mipaka. Amuulize mwanasheria ni mikoa ipi, maana Geita na Simiyu ni mikoa iliyoanzishwa mwaka 2012, na fomu ya mkataba inaweza kuwa ya zamani kuliko hapo.

Panapouma zaidi ni kiwango cha chini cha ununuzi: pampu 1,200 kwa mwaka wa mkataba unaoishia Juni 30. Ni rahisi mno kuandika "lengo la mauzo", kwa kuwa ndivyo wafanyabiashara wanavyozungumza. Lakini angalia hesabu. Mtu wetu ameuza pampu 1,200, ila 150 kati ya hizo zilibaki ghalani tangu mwaka uliotangulia. Kwa kiwanda amenunua 1,050 tu. Akisoma "mauzo" atalala usingizi. Mkataba unamdai 150. Juni 20 anaagiza nyingine 200, na ankara inatoka Julai 4. Je, zinahesabiwa? Jibu limo kwenye ufafanuzi wa maneno mwanzoni mwa mkataba: ununuzi ni oda, ni ankara, au ni malipo? Neno lililochaguliwa pale lirudiwe vilevile hadi ukurasa wa mwisho, hata kama masikio yamelichoka.

Tuseme kinachohesabiwa ni ankara. Amepungukiwa, na kiwanda kinaweza kumpa notisi ya siku 30 arekebishe, kisha kimwondolee upekee au kiumalize mkataba wote, kwa hiari yake. Hapa "kuvunja mkataba" kunachanganya, kwani wengi hulitumia kwa kukiuka masharti na kwa kuumaliza mkataba pia. "Kusitisha" nako huweza kueleweka kama kusimamisha kwa muda. Mimi huandika "kukiuka" kwa kosa na "kukomesha" kwa mwisho, basi.

Kabla ya saini, tazama kifungu cha lugha. Mara nyingi kinasema nakala mbili zikigongana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Kikiwa hivyo, msambazaji aliyeamini "mauzo" atahukumiwa kwa karatasi ambayo hakuisoma.