Kwa Nini Chaji Zilizofungwa Haziwezi Kuitega Nyingine

Mtu akifunga chaji mbili chanya zilizo sawa ili zisisogee, kisha akaweka ya tatu, nayo chanya, katikati yake kabisa, chaji hiyo haitakwenda popote. Ya kushoto inaisukuma kulia, ya kulia inaisukuma kushoto, na misukumo hiyo inafutana. Hata ikisogezwa kidogo kuielekea mojawapo, ile iliyokaribiwa inaisukuma kwa nguvu zaidi na kuirudisha. Ni rahisi kuamini kwamba imenaswa.

Haijanaswa. Ikiyumba kwenda juu, chini, mbele au nyuma, chaji zote mbili zinashirikiana kuifukuza, na haitarudi tena.

Kutulia kwa kudumu kunadai zaidi ya nguvu kufutana mahali pamoja. Gololi iliyo ndani ya bakuli hurudi chini hata ikisukumwa upande gani. Chaji nayo, ili itulie hivyo, lazima irudishwe kutoka kila upande bila kubakiza hata mmoja.

Hesabu inaonyesha kinachozuia. Tuseme kila chaji iliyofungwa ni nanokulombi 1, na iko sentimita 10 kutoka katikati. Milimita 1 kutoka katikati, kwenye mstari unaoziunganisha chaji hizo, uga wa umeme una ukubwa wa takriban nyutoni 36 kwa kulombi, nao unaelekea ndani. Milimita 1 kwenda juu, uga unaelekea nje kwa takriban 18. Milimita 1 kwenda mbele, unaelekea nje kwa 18 vilevile. Kinachoingia ni 36. Kinachotoka ni 18 na 18. Jumla ni sifuri.

Jumla hiyo haikutokea kwa bahati. Inatokana na kanuni ya Gauss, inayosema kwamba mistari ya uga wa umeme huanzia kwenye chaji chanya na kuishia kwenye chaji hasi, na si mahali pengine. Kipimo cha mistari kuchipuka au kumezwa mahali fulani huitwa mtawanyo wa uga. Mahali pasipo na chaji, mtawanyo ni sifuri: kiasi kinachoingia katika eneo hilo dogo ndicho kinachotoka.

Sasa madai ya kunasa yanagongana na kanuni. Ili chaji chanya irudishwe kutoka kila upande, uga unaoizunguka lazima uelekee ndani pande zote. Mistari yote ingeingia bila hata mmoja kutoka, jambo linalowezekana tu kama pale katikati pana chaji hasi ya kuimeza. Lakini uga unaohusika ni wa zile chaji zilizofungwa mbali, na pale katikati hazipo. Kwa chaji hasi mishale inageuzwa tu: uga ungepaswa kuelekea nje pande zote, na hapana chaji chanya ya kuuchipusha.

Je, chaji zikiongezwa? Jaribio la kawaida ni kuweka sita: kulia, kushoto, juu, chini, mbele na nyuma. Hapo athari zile za 36 na 18 zinafutana katika kila mwelekeo, na kunabaki nguvu ndogo mno karibu na katikati. Ikielekea moja kwa moja kwenye mojawapo ya zile sita, chaji inarudishwa. Ikielekea kwenye upenyo ulio kati ya chaji tatu zinazopakana, inasukumwa nje. Hata zikiwa elfu moja, mtawanyo wa kila moja pale katikati ni sifuri, na sifuri elfu moja zikijumlishwa hubaki sifuri.

Hoja hii inajulikana kwa jina la Samuel Earnshaw, mwanahisabati na kasisi wa Kiingereza, aliyeichapisha mwaka 1842. Uzito wa dunia hauiokoi chaji, kwa kuwa katika eneo dogo kama hilo unavuta kila mahali kwa nguvu ileile na mwelekeo uleule, hivyo mtawanyo wake pia ni sifuri.

Kanuni hii ina mpaka wake: inahusu chaji zilizotulia katika nafasi wazi. Mjerumani Wolfgang Paul aliutumia mpaka huo katika miaka ya 1950. Alitengeneza mtego ambao umeme wake hugeuzwa mara nyingi mno kwa sekunde, hivi kwamba upande uliokuwa ukifukuza unaanza kurudisha kabla ioni haijatoroka. Kwa wastani, ioni inavutwa katikati. Kwa kazi hiyo alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1989, na leo mitego ya aina hiyo hushikilia ioni mojamoja ndani ya baadhi ya saa za atomu zilizo sahihi kuliko zote duniani.