Kalenda ya mchezo: nani anapokea lini

Watu wanaocheza mchezo wa pesa huulizana maswali mawili tu: ni shilingi ngapi, na mimi ninapokea lini? La kwanza humalizwa kwa dakika tano. La pili ndilo linalovunja urafiki, na mara nyingi huvunjika kwa sababu kalenda iliandikwa harakaharaka nyuma ya daftari, majina yakapangwa jinsi yalivyokumbukwa.

Tuchukue mfano wa marafiki tisa wa Mbagala, Dar es Salaam. Mmoja wao, mshona nguo, anacheza majina mawili, kwa hiyo majina ni kumi. Kila jina linatoa shilingi 100,000 kwa mwezi na kila mwezi jina moja linapokea 1,000,000. Wameanza Februari 2026 na watamaliza Novemba. Desemba na Januari wamejipa mapumziko, maana miezi hiyo pesa ya sikukuu na ya shule huwa imekwisha kugawanywa kabla haijafika mkononi.

Kwanza tarehe. Walitaka kupokea tarehe 30, wengi wao wakiwa wameshalipwa mshahara, lakini Februari haina tarehe 30, na kundi linaloanza kwa kubishana kama ni 28 au Machi mosi limeanza vibaya. Wakaweka 27 kuwa siku ya mwisho ya kutoa na 28 kuwa siku ya kupokea. Hiyo siku moja katikati ina kazi yake. Ndiyo siku ya kijumbe kupiga simu, kujua nani hajatuma, na kumwambia mpokeaji ukweli kabla hajaahidi pesa kwa mwenye nyumba au kwa duka la vitambaa.

Kisha zamu, na hapa ndipo panapohitaji akili zaidi. Katika mchezo, anayepokea mapema amekopeshwa na wenzake bila riba, na anayepokea mwisho amewawekea wenzake akiba bila riba. Jina la kwanza linapokea milioni moja Februari likiwa limetoa laki moja tu, kwa hiyo linadaiwa 900,000 kwa miezi tisa inayofuata. La pili linabaki na deni la 800,000, la tatu 700,000, hivyo hivyo hadi la kumi ambalo halikuwahi kudaiwa hata shilingi. Mimi ningependa kila kalenda ya mchezo iwe na safu ya nne. Baada ya tarehe, jina na kiasi, iandikwe: deni linalobaki baada ya kupokea. Mtu akiiona 900,000 mbele ya jina lake, anaelewa kwamba tarehe 28 Februari hakupewa zawadi.

Safu hiyo inasaidia pia kupanga. Wengi hupiga kura kwa vikaratasi, na kura inaondoa manung'uniko, ila kura haijui kwamba mwenzenu mmoja ameanza kazi mwezi uliopita na hajui kama mkataba utaendelea. Marafiki wetu walipiga kura, kisha wakaruhusu kubadilishana zamu kwa makubaliano ya wawili, mwisho wa kubadilishana ukiwa siku ya mchango wa kwanza. Mwalimu anayelipa kodi ya nyumba miezi sita kwa mkupuo alihama kutoka Septemba hadi Juni. Mgeni wa kundi alikubali nafasi ya tisa. Anayetaka pesa ya Idi aangalie kalenda ya mwaka husika, kwa kuwa Idi husogea nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka, na zamu iliyomfaa mwaka jana inaweza kumkuta sikukuu imepita.

Mshona nguo mwenye majina mawili aliwekwa wa tatu na wa nane, na hesabu yake inafaa kutazamwa kwa karibu. Tarehe 28 Machi anakuwa ametoa 400,000. Aprili, akiongeza mchango wake wa mara ya tatu, anakuwa ametoa 600,000 na amepokea milioni moja, basi anadaiwa 400,000 tu, wakati mwenye jina moja katika nafasi hiyo hiyo angedaiwa 700,000. Kwa kundi, yeye ni salama zaidi. Lakini siku ya kupokea, simu yake itaonyesha 800,000 kutoka kwa wenzake, kwa sababu laki mbili nyingine ni michango yake mwenyewe. Wenye jina moja wataona 900,000. Jambo hili lisemwe mwanzoni, la sivyo mtu atakwenda dukani akiwa na bajeti ya milioni.

Michango yenyewe inatumwa moja kwa moja kwa mpokeaji, pamoja na ya kutolea, na meseji ya muamala inawekwa kwenye kundi la wasapu ili kijumbe aweke alama. Pesa ikipita kwanza kwa kijumbe, makato yanakatwa mara mbili. Katika michezo mingi kijumbe hupewa zamu ya kwanza kama asante ya kazi yake. Siungi mkono desturi hiyo. Inamweka mshika daftari mahali pale pale penye deni kubwa kuliko yote. Apewe shukrani nyingine, zamu yake iwe ya tano kwenda mbele.

Anayetaka kukimbia mchezo huonekana mapema. Alikuwa anatuma tarehe 25, sasa anatuma 28 usiku. Mwezi unaofuata anatuma nusu na maelezo marefu. Kama hajapokea bado, kundi lina nguvu, kwa kuwa pengo lake litakatwa kwenye zamu yake. Kama ameshapokea, halina cha kukata, na ndiyo maana wa zamu tatu za mwanzo wawe na mdhamini aliye miongoni mwa wale watakaopokea mwishoni. Vyovyote iwavyo, kalenda isisogezwe. Kundi linaloahirisha zamu ya Juni hadi Julai kwa ajili ya laki moja ya mtu mmoja limewachelewesha wote wanaofuata, na kila mmoja wao sasa ana sababu ya kuchelewa pia. Mpokeaji wa Juni apokee kilichopo siku yake, na aliyepunguza adaiwe na yeye kwa jina, iandikwe.

Liandikwe pia lile ambalo marafiki huona aibu kulitaja: mmoja akifariki. Hawa walikubaliana kwamba ambaye hajapokea, familia yake itarudishiwa alichotoa siku ambayo ingekuwa zamu yake, na zilizobaki zipungue sawasawa.

Mzunguko wa pili huleta ubishi wa aina yake. Wengi husema zamu zigeuzwe, wa mwisho awe wa kwanza, na kwa hesabu ni haki kabisa. Ila aliyepokea Februari 2026 atapokea tena Novemba 2027, baada ya miezi ishirini na moja, wakati aliyepokea Novemba 2026 anapokea tena miezi mitatu baadaye. Marafiki wa Mbagala wanafikiria kukata orodha katikati, watano wa mwisho waje mbele kwa mpangilio wao ule ule. Aliyekuwa wa kwanza anakuwa wa sita, na hakuna anayesubiri zaidi ya miezi kumi na saba. Anayeumia ni wa tano, ambaye anaangukia nafasi ya kumi, kwa hiyo yeye ndiye wa kuulizwa kwanza, kabla ya Novemba.