«Vous» kwanza, «le» baadaye

Karani wa Bukavu ameombwa ripoti. Anaiambatisha kwenye barua pepe na kuandika: «Je le vous transmets.» Mkuu wake ataelewa, ila sikio litakwaruzika. Sahihi ni «Je vous le transmets».

Kiswahili hakimsaidii hapa. Katika «ninakutumia», kitenzi kina nafasi moja tu ya mtendwa, na «-ku-» imeshaichukua. Ripoti inabaki nje. Kifaransa hubeba vyote viwili mbele ya kitenzi: anayepokea, kisha kinachotumwa. Sasa ripoti iende kwa mtu wa tatu, mpangilio unapinduka: «Je le lui transmets». Hapo hata wazoefu hujikwaa.

Kwenye shukrani tatizo ni jingine. Mtu hushukuriwa «de» kitu fulani: «Je vous remercie de votre réponse». Hiyo «de» pamoja na jibu lenyewe humezwa na «en», ndiyo maana huandikwa «Je vous en remercie», kamwe si «Je vous le remercie».

Na karani akiahidi kutuma kesho? «Je vais vous le transmettre demain»: vijineno vyote viwili huambatana na «transmettre», wala havitangulii «vais».